Nani Anajitawala? Mhadhara wa Isaiah Berlin juu ya Dhana Mbili za Uhuru

Tarehe 31 Oktoba 1958 Isaiah Berlin alitoa katika Chuo Kikuu cha Oxford mhadhara wa kushika kiti chake cha uprofesa wa nadharia ya jamii na siasa. Mhadhara huo, ambao kwa lugha yetu twaweza kuuita "Dhana Mbili za Uhuru", ulichapwa mwaka uleule, na tangu hapo haujakoma kusomwa, kusifiwa na kushambuliwa. Mwandishi wake alizaliwa Riga mwaka 1909, akayaona mapinduzi ya Urusi ya 1917 akiwa mtoto mjini Petrograd, kisha akahamia Uingereza pamoja na wazazi wake mwaka 1921. Si ajabu basi kwamba swali lililomshughulisha maishani lilikuwa hili: imekuwaje neno uhuru, ambalo watu wengi wamelifia, likatumiwa pia na wale wanaowafunga watu?

Makala haya hayakusudii kuusimulia mhadhara wote. Yanakusudia kuitafuta hatari yenyewe mahali ilipo. Wako wasomaji wanaodhani Berlin alisema kwamba kila atakaye kujitawala anaelekea kwenye udikteta. Hakusema hivyo. Hatari aliyoionesha haianzi pale mtu anapotaka kujitawala, bali katika hatua maalumu inayofuata baadaye. Na hatua hiyo sisi tunaofundisha Kiswahili twaweza kuiona vyema kuliko wengi, kwa sababu imejificha ndani ya kiambishi kimoja cha lugha yetu.

Berlin anaanza kwa kutenganisha maswali mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Swali la kwanza ni hili: eneo ambalo mtu huachwa atende atakavyo, pasipo wengine kumwingilia, lina upana gani? Jibu lake ndilo linalotupa uhuru wa kutoingiliwa. Swali la pili ni hili: ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba mtu atende hili na si lile? Jibu lake ndilo linalotupa uhuru wa kujitawala. Huenda msomaji akaona kuwa maswali haya ni mamoja, lakini sivyo. Mfalme mpole, asiyewauliza raia zake neno lolote, aweza kuwaachia nafasi kubwa ya kulima, kusafiri, kuabudu na kusema. Hao wana uhuru wa kwanza, hawana wa pili. Kinyume chake, mji unaoamua kila jambo kwa kura za wote waweza kupiga kura kumkataza mtu mmoja kuabudu Mungu wake. Mtu huyo ameshiriki katika kutawala, wala hana nafasi ya kupumua.

Kiswahili kimeyahifadhi maswali haya mawili katika maneno mawili. Neno "huru" lina kumbukumbu ya utumwa. Tukisema kwamba fulani aliachwa huru, twasema kwamba kuna mkono uliokuwa umemshika nao sasa umemwachilia. Hatusemi lolote juu ya atakachofanya kesho, wala juu ya hekima yake, wala juu ya tabia yake. Aliyeachwa huru aweza kuwa mvivu au mwenye bidii, mjinga au mwanazuoni. Uhuru wake ni ule wa kutoshikwa. Neno "kujitawala" ni jingine kabisa. Hapa hakuna mkono ulioondoka, bali kuna utawala, na kila utawala unataka pande mbili: mwenye kutawala na mwenye kutawaliwa. Kiambishi -ji- ndicho kinachotuambia kwamba pande hizo mbili ni mtu mmoja. Tukisema "Asha anajitawala", sarufi yenyewe inatudhaminia kwamba anayetawala ni Asha na anayetawaliwa ni Asha yuleyule.

Sasa tuitazame njia ambayo, kwa maoni ya Berlin, imewapeleka watu kutoka kwenye nia njema hadi kwenye minyororo. Yeye anaifuata hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza haina dosari. Mtu asema: nataka kuwa bwana wa nafsi yangu, nisiwe chombo cha mapenzi ya wengine, nataka maamuzi yangu yatoke kwangu, nami niwajibike kwayo. Ni nani asiyelitamani jambo hili?

Hatua ya pili humgawa mtu huyu. Mlevi anayeapa kila asubuhi kwamba hatarudi kilabuni, na jioni akarudi, hushangaa mwenyewe. Ni nani ndani yake aliyeapa, na ni nani aliyerudi? Twaelekea kusema kwamba yule wa asubuhi ndiye yeye hasa, na yule wa jioni ni mtumwa wa tamaa. Hivyo nafsi inakuwa mbili: ya juu, yenye akili na kuona mbali, na ya chini, yenye pupa. Hapa pia hapajatokea balaa, maana mamlaka bado yamo ndani ya mtu mmoja, na ni yeye mwenyewe anayesema ipi ni ipi.

Hatua ya tatu ndiyo inayohamisha mamlaka. Nafsi ya juu inaanza kuelezwa kuwa ni kubwa kuliko mtu mwenyewe: ni taifa, ni kabila, ni tabaka, ni dini, ni chama, ni historia. Mtu mmoja mmoja ni sehemu tu, na matakwa yake ya kila siku ndiyo nafsi ya chini. Hatua ya nne hufuata yenyewe. Kwa kuwa taifa au chama ndicho "yeye hasa", basi wanaokiongoza wanajua anachotaka kuliko anavyojua yeye. Wakimlazimisha, hawamlazimishi, wanamsaidia kutimiza mapenzi yake ya kweli. Jean-Jacques Rousseau alikwisha kuufungua mlango huo mwaka 1762, aliposema katika kitabu chake juu ya mkataba wa jamii kwamba atakayekataa kuyatii mapenzi ya wote atalazimishwa na umma mzima, na kwamba kulazimishwa huko ni kufanywa huru.

Mwalimu wa sarufi na aitazame hatua ya tatu kwa jicho lake. Kilichobadilika ni umoja kuwa wingi. "Ninajitawala" imegeuka "tunajitawala", na -ji- imebaki ileile. Lakini dhamana yake imetoweka. Katika umoja, -ji- haiwezi kudanganya. Katika wingi yaweza kuwa kweli kwa kundi zima ilhali si kweli kwa mtu yeyote ndani ya kundi, kwa sababu wale wanaotawala kati yetu si wale wanaotawaliwa kati yetu. John Stuart Mill aliliona jambo hili mwaka 1859, alipoeleza kwamba kujitawala kwa umma si kila mtu kujitawala mwenyewe, bali ni kila mtu kutawaliwa na wengine wote. Lugha haituonyi. Tunaisikia -ji- tukadhani tungali na Asha.

Tupime jambo hili kwa kisa kilichotendeka kwa Kiswahili. Tanganyika ilipata kujitawala tarehe 9 Desemba 1961. Kabla ya mwaka wa pili kwisha, yaani katika mwaka 1962, bunge lilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Sentensi "tunajitawala" ilikuwa kweli mwaka huo, tena kweli tukufu. Lakini ilikuwa kweli vilevile kwa aliyetia sahihi hati ya kizuizini na kwa aliyefungiwa mlango?

Kisa cha vijiji ni kikubwa zaidi, na kinafundisha zaidi, kwa sababu kiongozi wake alikuwa mtu aliyeifahamu hatari hii na kuiandika. Mwezi Septemba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa maelezo ya siasa ya ujamaa vijijini, akasisitiza kwamba vijiji hivyo viundwe kwa hiari. Mwaka 1968, katika waraka wake juu ya uhuru na maendeleo, alikwenda mbali zaidi: alieleza kwamba watu hawawezi kuendelezwa na mtu mwingine, wanaweza tu kujiendeleza, na kwamba mtu hukua kwa kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Tukiutazama waraka huo kwa miwani ya Berlin, tunaona uhuru wa kujitawala katika sura yake iliyo safi kabisa. Kiambishi -ji- kingali na dhamana yake.

Tena palikuwa na watu waliouishi uhuru huo. Mkoani Ruvuma, tangu mwanzo wa miaka ya sitini, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa, na baadaye vijiji kadhaa vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Waliamua kazi zao katika mikutano yao, wakawa na shule yao iliyofungamana na maisha ya kijiji, wakapata mashine ya kusaga nafaka na kiwanda cha kupasua mbao. Hakuna aliyewalazimisha kuingia. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho na mali yake ikachukuliwa. Kosa lao halikuwa uvivu. Ujamaa ulipaswa sasa kuongozwa na Chama chenyewe, na chombo kilichojiamulia mambo nje ya mkono wake kilionekana kuwa kikwazo. Hapo ndipo hatua ya tatu ilipokanyagwa: watu waliokuwa wakijitawala kwa maana ya kwanza walizuiwa kwa jina la kujitawala kwa maana ya pili.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1973 mkutano mkuu wa TANU uliazimia kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wamekwisha kuhamia vijijini, na mwezi Novemba mwaka huohuo Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. James Scott, katika kitabu chake cha 1998 juu ya mipango mikubwa ya serikali, anakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa. Katika sehemu nyingi nyumba za kale zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Vijiji vilipangwa kandokando ya barabara, mbali na mashamba ambayo watu waliyajua udongo wake, na upungufu wa chakula wa 1974 na 1975, ambao ukame pia uliuchangia, ukawa mkali.

Hapa haki yataka tuseme mambo mawili. La kwanza ni kwamba makusudio hayakuwa maovu. Ni vigumu kupeleka shule, zahanati na maji kwa nyumba zilizotawanyika porini, na watoto wengi walipata madawati kwa sababu ya kuhama huko. Berlin hakatai kwamba uhuru waweza kupunguzwa kwa ajili ya haki, au elimu, au afya. Anachotaka ni kwamba tuseme tulichofanya: tumetoa uhuru kiasi hiki, tumenunua kisima na shule. Huenda bei ilifaa, huenda haikufaa; lakini ni bei. Kisima ni kisima, wala hakigeuki kuwa uhuru kwa sababu kimechimbwa na serikali iliyo yetu.

La pili ni zito zaidi. Neno "amri" ni neno la kweli. Amri ina mtoaji, ina tarehe, ina mpaka. Mtu aweza kuuliza ni nani aliyeitoa, kwa sheria gani, hata lini, na malalamiko yapelekwe wapi. Mwalimu mwenyewe aliendelea kupambanua kwamba watu waweza kuamriwa kuishi pamoja, lakini hawawezi kuamriwa kuwa wajamaa. Upambanuzi huo ni uleule wa Berlin, kati ya kumlazimisha mtu kwa faida yake huku tukikiri kwamba tunamlazimisha, na kumlazimisha huku tukidai kwamba ni yeye mwenyewe anayejiongoza. Lile la kwanza laweza kuwa kosa, hata ukatili, lakini linamwachia mtu sauti ya kulalamika. La pili linamnyang'anya hata sauti hiyo, kwani atalalamikaje dhidi ya mapenzi yake mwenyewe?

Uharibifu ulitokea pale upambanuzi huo ulipoteremka ngazi kwa ngazi hadi kwa ofisa aliyepewa idadi ya nyumba na siku ya mwisho. Mkulima aliyesita hakuhesabiwa kuwa mtu mwenye maoni tofauti. Alihesabiwa kuwa mvivu, mjinga, mtu wa zamani, asiyejua faida yake. Hakuulizwa alichokijua juu ya mvua na udongo wa mahali pake, ingawa mara nyingi ndicho kilichomfanya asite, na ndicho ambacho mpango mzima ulikikosa. Kukataa kwake kuligeuzwa kuwa ushahidi wa ujinga wake, na ujinga wake kuwa sababu ya kutomsikiliza.

Naona hii ndiyo alama ya kuitambua hatari ya Berlin popote inapotokea, shuleni, chamani au nyumbani: tazama "hapana" inafanywa nini. Mahali ambapo watu wanajitawala kweli, "hapana" ya mmoja ni hoja. Yaweza kushindwa kwa kura, lakini imehesabiwa, na kesho yaweza kurudi. Mahali ambapo hatua ya tatu imekwisha kukanyagwa, "hapana" si hoja tena bali ni dalili ya ugonjwa: tabaka lake linamdanganya, elimu yake haitoshi, nafsi yake ya chini ndiyo inayosema. Hapo anayekataa hajibiwi, anatibiwa.

Baada ya kumpa Berlin haki yake, hatuna budi kumdai pia. Mhadhara wake una mapengo, na baadhi yake aliyaona mwenyewe. Mwaka 1969, alipouchapisha upya pamoja na insha nyingine tatu, alikiri kwamba maelezo yake ya awali ya uhuru wa kutoingiliwa yalikuwa na kasoro. Ikiwa uhuru ni kutozuiwa kufanya ninachotaka, basi mtumwa aliyefundishwa asitake chochote yu huru kabisa. Kwa hiyo akasahihisha: uhuru hupimwa kwa milango iliyo wazi mbele ya mtu, hata ile asiyotamani kuipitia. Alikiri tena kwamba uhuru wa kutoingiliwa nao umetumika kuwaumiza wanyonge, pale wenye nguvu walipoachwa watende watakavyo. Mwenye njaa anayeachwa peke yake sokoni haingiliwi na mtu, wala halishwi.

Pengo la pili lilioneshwa na Charles Taylor mwaka 1979. Yeye aliuliza: ikiwa tunahesabu vizuizi tu, tutasemaje juu ya Albania, iliyopiga marufuku dini, lakini yenye taa chache za barabarani kuliko London? Kwa hesabu tupu ya mara ngapi mtu husimamishwa kwa siku, huenda Mwalbania akaonekana kuwa huru zaidi. Tunajua huo ni upuuzi, kwa kuwa tunajua kwamba kuabudu ni jambo kubwa na kungoja taa ni dogo. Lakini kujua hivyo ni kupima makusudio ya mtu, lipi la juu na lipi la chini. Kwa hiyo hatua ya pili, ile ya mlevi wa asubuhi na wa jioni, haiwezi kuepukwa hata na mtetezi wa uhuru wa kutoingiliwa. Swali ni nani mwenye haki ya kuipima nafsi hiyo, na jibu la salama ni kwamba mtu mwenyewe asiondolewe katika kiti hicho.

Pengo la tatu linatuhusu sisi. Berlin aligusia madai ya watu wa Asia na Afrika, ambao waliona heri kutawaliwa vibaya na wenzao kuliko kutawaliwa vizuri na wageni. Aliyaheshimu madai hayo, lakini akaona kwamba wanachokitafuta ni kutambuliwa na hadhi, jambo lililo jirani na uhuru lakini si uhuru wenyewe. Hapa msomaji wa Afrika Mashariki atasita. Aliyekuwa akiitwa "boi" akiwa na mvi kichwani alijua kwamba kuna mkono uliomshika, hata pale hapakuwa na askari. Kutotambuliwa kuwa mtu kulimfungia milango halisi: ya kazi, ya shule, ya kiti cha treni. Nadhani Berlin aliitenga hadhi na uhuru kwa haraka mno. Hata hivyo onyo lake linabaki: hadhi iliyopatikana na taifa haimfungulii kila raia mlango. Ile sheria ya 1962 ni shahidi.

Na Litowa ni shahidi wa upande wa pili, dhidi ya wale wanaomtumia Berlin kuudharau uhuru wa kujitawala wote. Watu wachache walikutana, wakabishana, wakaamua, na aliyetaka kuondoka aliweza kuondoka. Hawakumdhuru mtu. Kilichowavunja hakikuwa kutaka kwao kujitawala, bali mtu mwingine kudai kwamba -ji- yao ni yake. Kwa hiyo uhuru wa kutoingiliwa si adui wa kujitawala. Ni ukuta unaoilinda nyumba yake. Ukuta bila nyumba hauna anayeishi ndani, na nyumba bila ukuta huingiwa na yeyote asemaye kwamba yeye ndiye mwenye nyumba hasa.

Mwalimu atakayetaka kulifikisha jambo hili kwa wanafunzi wa vidato vya juu hahitaji kuanza na falsafa. Na awape sentensi tatu: "ninajitawala", "tunajitawala", "wanatutawala", kisha awatake waeleze, kwa kila moja, nani mtenda na nani mtendwa. Watakapofika kwenye ile ya pili watabishana. Awaache wabishane.